Mzigo umefika Kange, pointi hazijaingia

Mteja wa Tanga anayenunua kwenye apu yenye ghala Dar es Salaam huwa na tarehe tatu kichwani: siku aliyolipa, siku basi lilipoingia stendi ya Kange, na siku aliyofungua boksi. Mfumo unaogawa pointi hauzitazami hata moja. Wenyewe unasubiri tarehe ya nne, ambayo mteja mara nyingi haioni: siku ambayo mtu fulani alishika simu au kompyuta akaandika kwamba mzigo umepokelewa. Saa ya pointi huanza kugonga hapo.

Tunaposema pointi, tunachanganya vitu viwili vinavyofanana tabia. Kuna pointi zenyewe, ambazo unazitumia ndani ya duka lile lile, na kuna marejesho, yaani asilimia fulani ya pesa uliyotumia inayorudi kwenye pochi ya apu. Majina tofauti, njia moja: kwanza vinaandikwa kama ahadi, kisha vinasubiri, kisha vinathibitishwa au vinafutwa. Ahadi ndiyo ile unayoiona kwenye skrini mara tu baada ya kulipa, kwa kawaida ikiwa na rangi iliyofifia na neno Pending au "Inasubiri". Bado si mali yako.

Tuifuate oda moja tangu mwanzo.

Mteja yuko Chumbageni. Tarehe 3 ananunua blenda ya shilingi 92,000, pasi ya 41,000 na chaja ya simu ya 17,000. Jumla ya bidhaa ni 150,000. Ana kuponi ya 15,000, na usafiri mpaka Tanga ni 9,000, kwa hiyo analipa 144,000 kwa simu. Tangazo la apu linasema marejesho ni asilimia 5, na masharti yanasema yatathibitishwa siku 7 baada ya kupokea mzigo. Anahesabu vidole: tatu na saba ni kumi. Tarehe 10 anafungua apu, anakuta bado ni "Inasubiri". Anaanza kukasirika.

Sasa tazama mzigo wenyewe ulivyosafiri. Blenda na pasi zilitoka ghala moja, zikapakiwa basi tarehe 4, na tarehe 5 kijana wa baiskeli akazifikisha nyumbani. (Tanga bila baiskeli si Tanga, hata kwa oda za mtandaoni.) Mteja akasaini kwenye daftari. Lakini daftari ni karatasi. Wakala wa mizigo aliingiza orodha yake kwenye mfumo tarehe 8, zikiwa zimekusanyika oda za siku kadhaa. Kwa mteja mzigo ulifika tarehe 5. Kwa mfumo ulifika tarehe 8.

Chaja ilikuwa ya muuzaji mwingine anayetumia jukwaa hilo hilo. Ilikuja peke yake, ikapokelewa na kuandikwa tarehe 11. Hapa maduka hugawanyika. Yapo yanayohesabu kila kifurushi kivyake, na kwa hayo blenda na pasi zingethibitishwa baada ya 8 na 7, yaani tarehe 15. Yapo yanayosubiri kifurushi cha mwisho cha oda, na kwa hayo hesabu ni 11 na 7, yaani 18. Tena uthibitisho haufanyiki dakika ile ile siku zinapotimia. Mara nyingi kuna kazi moja inayoendeshwa usiku, inayopitia oda zote zilizoiva na kuzithibitisha kwa mkupuo. Iliyoiva tarehe 18 mchana huonekana kwenye pochi asubuhi ya tarehe 19.

Kwa hiyo kati ya tarehe 10 aliyoitarajia na tarehe 19 kuna siku 9, na hakuna kilichoharibika. Siku 2 zimeliwa na safari ya mzigo ambayo hakuihesabu, 3 na daftari la wakala, 3 na chaja iliyochelewa, na usiku mmoja na mashine.

Njia ya kujua saa yako ilianza lini ni kufungua ukurasa wa oda, si ukurasa wa pointi. Tafuta mahali palipoandikwa safari ya mzigo na usome tarehe iliyo mbele ya Delivered au "Imepokelewa". Kama unao mzigo mkononi na ukurasa bado unasema Shipped au "Iko njiani", umeshapata jibu: saa haijaanza kabisa, na hata ukisubiri mwezi haitaanza yenyewe. Apu nyingi huweka kitufe cha mteja kuthibitisha kupokea. Kibonyeze, baada ya kukagua kilichomo, kwa sababu kitufe hicho hicho ndicho kinachoanzisha siku zako za kurudisha bidhaa mbovu. Kama hakuna kitufe, mpigie wakala umwombe afunge oda kwenye mfumo. Huduma kwa wateja wakiulizwa kuhusu pointi watasema tu "subiri"; wakiulizwa kwa nini oda iliyofika bado inaonekana njiani, wana kitu cha kurekebisha.

Angalia pia maneno ya masharti. "Siku 7" na "siku 7 za kazi" si kitu kimoja. Za kazi huruka Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na Idi ikiangukia katikati wiki moja hugeuka karibu mbili.

Kwa nini wanashikilia hivyo? Sababu kubwa ni urejeshaji wa bidhaa. Duka likitoa pesa papo hapo, mtu anaweza kununua, akatumia marejesho kununulia kitu kingine, halafu akarudisha bidhaa ya kwanza na kudai pesa yake yote. Kipindi cha kusubiri karibu kila mara ni sawa na kipindi cha kurudisha bidhaa, au kirefu zaidi kidogo. Sababu nyingine iko kwenye vitabu vya hesabu: chini ya kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichoanza kutumika mwaka 2018, pointi zinazompa mteja haki ya kununua baadaye huchukuliwa kuwa deni la duka, na sehemu ya mapato ya mauzo hutengwa mpaka pointi zitumike au zife. Mhasibu hapendi deni lisilo na uhakika. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuchelewesha kupita siku zilizotangazwa, lakini linaeleza kwa nini hatua ya kusubiri haiondolewi.

Turudi kwa mteja wetu. Asubuhi ya tarehe 19 anaona shilingi 6,750. Alitarajia 7,200, yaani asilimia 5 ya 144,000 aliyolipa. Jirani yake akamwambia ilipaswa kuwa 7,950, kwa sababu 150,000 na usafiri 9,000 ni 159,000. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni la kawaida.

Marejesho huhesabiwa kwa thamani ya bidhaa baada ya punguzo, bila usafiri. Bidhaa 150,000, toa kuponi 15,000, inabaki 135,000. Asilimia 5 yake ni 6,750. Nauli ya basi na ya kijana wa baiskeli si mauzo ya duka, kwa hiyo haizai kitu. Duka likikokotoa kabla ya VAT kiasi kitashuka tena, na hapo risiti ya EFD inasaidia kwa kuwa inaonyesha jumla yenye kodi na jumla isiyo na kodi. Chukua isiyo na kodi, ondoa usafiri kama umo ndani, ndipo upige asilimia. Kama jibu linalingana na kilichoingia, basi umejua kanuni yao, hata kama ilijificha kwenye aya ya mwisho ya masharti.

Baada ya hapo anza kutazama bidhaa moja moja. Umeme wa LUKU, vocha za muda wa maongezi na kadi za zawadi huondolewa kwenye promosheni nyingi, kwani faida yake kwa duka ni nyembamba mno kuweza kumegwa. Ukichanganya unga, sabuni na LUKU ya 30,000 kwenye oda moja, ile 30,000 huenda isihesabiwe kabisa.

Tuseme chaja haikufanya kazi, mteja akairudisha kabla ya tarehe 18. Watu hutoa asilimia 5 ya 17,000, wanapata 850, wanasubiri 5,900. Mfumo haufanyi hivyo. Kuponi ya 15,000 ilikuwa asilimia 10 ya bidhaa zote, na imegawanywa kwa kila moja kulingana na bei yake: blenda imebaki 82,800, pasi 36,900, chaja 15,300. Kinachotolewa ni asilimia 5 ya 15,300, yaani 765. Marejesho yanakuwa 5,985. Tofauti ya shilingi 85 si kitu, lakini kwenye oda kubwa yenye kuponi kubwa ndiyo inayowafanya watu waamini wameibiwa.

Hatari zaidi ni promosheni yenye kiwango cha chini. "Nunua kuanzia 130,000 upate bonasi ya 10,000." Oda yetu ilikuwa 135,000 baada ya kuponi, ikafuzu. Chaja ikirudi, inabaki 119,700, na bonasi yote inaondoka. Haipunguzwi kwa uwiano, inaondoka. Kabla ya kurudisha kitu cha 15,300, piga hesabu kama kurudisha kwenyewe hakutakugharimu 10,000. Wakati mwingine kuomba ubadilishiwe chaja nyingine ni bora, kwa sababu maduka mengi hayahesabu mbadala kuwa urejeshaji.

Tanga husemwa ni mji wa waja leo waondoka leo. Pointi nazo zinaweza kuwa na tabia hiyo: zilizothibitishwa asubuhi zikafutwa jioni. Ukiona hivyo, sababu huwa karibu kila mara ni urejeshaji uliofungwa baada ya uthibitisho, au malipo yaliyogeuzwa. Kama ulishazitumia, salio linaweza kwenda chini ya sifuri na pointi za oda inayofuata zikalifidia bila kukuuliza.

Yote hayo yanahusu pointi ambazo mstari wake upo. Mambo hubadilika kabisa pale unapofungua historia ya pointi ukakuta oda yako haimo, hata kama "Inasubiri". Huku si kuchelewa. Ahadi haikuandikwa tangu mwanzo, na kusubiri hakutaleta kitu.

Chunguza kwanza akaunti. Pointi hufuata akaunti iliyokuwa wazi wakati wa kuagiza, si laini iliyolipa. Ukiagiza kwa simu ya mwanao na kulipa kwa M-Pesa yako, pointi ni za mwanao. Ukiagiza kama mgeni bila kuingia kwenye akaunti, mara nyingi hazina mwenyewe. Wenye laini mbili hujikuta na akaunti mbili bila kujua, kwa kuwa apu inamtambua mtu kwa namba ya simu aliyojisajili nayo. Ingia kwa namba ya pili utazame kabla hujalalamika.

Kisha namna ya kulipa. Oda ya kulipia mlangoni haijalipwa kwa macho ya mfumo mpaka wakala awasilishe fedha na oda ifungwe, jambo linaloweza kuongeza siku mbili tatu. Na kuna ule mchezo wa bodaboda anayekuambia, "Ghairi oda kwenye apu, nitumie mimi moja kwa moja, nikupunguzie nauli." Ukikubali, oda imeghairiwa. Pointi hakuna, siku za kurudisha hakuna, na ikiwa blenda itaungua wiki ijayo, duka litasema halijakuuzia kitu.

Kama marejesho yalitoka kwa apu ya tatu, ile isiyouza kitu bali inakupeleka kwenye duka na kukuahidi asilimia, kuna kiungo kingine kinachoweza kukatika. Unapobonyeza kitufe chake, apu hiyo inakupa namba ya utambulisho inayosafiri nawe hadi dukani. Duka likifunga mauzo, linairudisha namba hiyo na kusema, "Huyu alitoka kwako." Namba ikidondoka njiani, hakuna anayejua ulitoka wapi. Hudondoka kwa njia zinazojulikana: ulibonyeza kiungo kwenye kivinjari, kisha simu ikafungua apu ya duka na ukaendelea huko, ulikuwa umeshaweka vitu kwenye kikapu kabla ya kubonyeza, au baada ya kubonyeza ulikwenda kutafuta kuponi kwenye tovuti nyingine, na kiungo cha tovuti hiyo kikachukua nafasi. Mifumo mingi humpa sifa aliyebonyezwa mwisho.

Kwa apu hizo, mstari wa "Inasubiri" kwa kawaida huonekana ndani ya saa chache hadi siku chache. Uthibitisho huchukua muda mrefu kuliko wa duka lenyewe, mara nyingi kati ya siku 30 na 90, kwa sababu duka husubiri kipindi cha kurudisha kipite, kisha hulipa mtandao wa matangazo unaoliunganisha na apu, kisha mtandao hulipa apu, ndipo nayo inakulipa wewe. Kwa hiyo mstari ukiwepo, miezi miwili ya ukimya ni kawaida. Usipokuwepo, wiki moja imetosha kufungua madai, na usikawie, kwani madai ya namna hii huwa na muda wa mwisho.

Kuna kosa moja linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki, nalo ni la saa. Seva nyingi huhesabu siku kwa saa za UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Siku mpya ya UTC huanza huku ikiwa saa tisa usiku. Promosheni ya "tarehe 12 tu" ikiwa imewekwa hivyo bila kurekebishwa, anayewahi saa sita na nusu usiku tarehe 12 inapoanza, akidhani amewatangulia wengine, ameandikwa tarehe 11 na hapati kitu. Anayenunua saa nane usiku tarehe 13, akiwa amekata tamaa, anapata. Oda iliyofanywa kati ya saa sita na saa tisa usiku ikikosa bonasi ya siku, hili ndilo la kwanza kuuliza. Duka likiwa limetangaza tarehe kwa wateja wa Tanzania bila kutaja saa za kwingine, dai lako lina nguvu.

Unapoandika kwa huduma kwa wateja, ujumbe wa "pointi zangu zimeibiwa" hupata jibu lililonakiliwa. Mhudumu ana dakika chache na skrini inayohitaji vitu maalumu: namba ya oda, namba ya simu ya akaunti, tarehe ya kupokea, na hesabu. Mteja wetu, kama tarehe 21 ingefika bila kitu, angeandika hivi:

"Habari za kazi. Oda yangu ya tarehe 3 (namba ya oda hapa), akaunti ya simu (namba hapa). Vifurushi vyote vimeonyeshwa vimepokelewa, cha mwisho tarehe 11. Masharti ya promosheni yanasema siku 7, ambazo zimeisha tarehe 18. Bidhaa baada ya kuponi ni shilingi 135,000, marejesho ya asilimia 5 ni 6,750. Historia bado inaonyesha 'Inasubiri'. Naomba yathibitishwe au nielezwe sababu kwa maandishi. Nimeambatanisha picha ya skrini ya tangazo, ya oda na ya historia ya pointi."

Picha ya tangazo ndiyo watu husahau. Promosheni ikiisha, ukurasa wake huondolewa, na unabaki ukibishana kwa kumbukumbu. Ipige siku ya kununua, pamoja na masharti, na tarehe ya simu ionekane juu.

Mhudumu wa kweli hahitaji PIN yako wala namba ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji. Anayepiga akisema pointi zako zimekwama na anahitaji "kuzisukuma" ni mwizi, na hupenda kuwawinda wanaolalamika hadharani kwenye kurasa za maduka. Ukipata meseji ya aina hiyo, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Duka lisipojibu, au likijibu kwa kubadilisha masharti baada ya wewe kununua, suala linakuwa la tangazo lililopotosha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji wa wateja, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa shilingi 6,750 wachache watafika huko. Lakini promosheni ileile ikiwa imewanyima wapangaji wa nyumba tatu za Ngamiani, peleka malalamiko ya pamoja, kila mmoja na namba yake ya oda na picha yake ya tangazo.